Maji yanapozunguka, kina cha shimo lake hupigiwa hesabu

Weka ndoo ya maji katikati ya meza inayozunguka, uiache iende kwa mwendo usiobadilika. Mwanzoni ndoo huzunguka, maji yakibaki bapa. Taratibu ukuta wa ndoo huyaburuta maji, mpaka yote yazunguke pamoja nayo kama kitu kigumu. Hapo utaona uso wake umebonyea katikati na kupanda ukutani. Isaac Newton alilieleza jaribio la ndoo kama hili katika kitabu chake cha mwaka 1687.

Tone lolote linalozunguka lazima lisukumwe kuelekea katikati, la sivyo litakwenda moja kwa moja. Kinachosukuma ni maji ya upande wa nje, ambayo yamesimama juu zaidi na hivyo yana mgandamizo mkubwa zaidi. Msukumo unaohitajika huongezeka kadiri tone lilivyo mbali na katikati: umbali ukiwa mara mbili, mteremko wa uso nao huwa mara mbili. Mteremko unaoongezeka hivyo hutoa umbo moja tu, paraboloidi. Kimo cha uso juu ya sehemu yake ya chini kabisa ni:

z = ω²r² / 2g

Hapa r ni umbali kutoka katikati, g ni 9.81, na ω ni kasi ya mzunguko kwa radiani. Uzito wa kimiminika haumo: mafuta ya kupikia na maji hutoa umbo lilelile.

Chukua tangi la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 15 na kina cha sentimita 30, lina maji ya sentimita 20. Likizunguka mara moja kwa sekunde, ω ni 6.28, na maji ya ukutani yatakuwa juu ya yale ya katikati kwa sentimita 4.5. Ujazo wa shimo la paraboloidi ni nusu ya silinda inayolizunguka, na maji hayajapungua. Kwa hiyo katikati hushuka sentimita 2.25 na ukutani hupanda kiasi hichohicho. Ongeza kasi mara mbili, tofauti inafika sentimita 18. Ikizidi kidogo mizunguko 2.1 kwa sekunde, maji yanamwagika, na tangu hapo huwezi tena kupima kutoka kiwango cha awali.

Umbo hili ndilo linalotakiwa kwa kioo cha darubini. Huko Devasthal, India, kuna darubini ambayo kioo chake ni zebaki iliyotandazwa kwenye sinia la upana wa mita 4, linalozunguka mara moja kwa takriban sekunde 8. Ukiinamisha sinia, zebaki hupoteza umbo, kwa hiyo darubini hiyo hutazama juu wima tu.