Duka la Mjomba: Namna ya Kulitunga Pendekezo la Vichekesho vya Mfululizo

Kila mara chama chetu kinapokutana kuchagua mchezo wa siku ya wazazi, watu huja na mizaha. Huyu ana mzaha wa mlevi, yule ana mzaha wa mgeni asiyejua Kiswahili. Twacheka dakika mbili, kisha mchezo unakauka kama kisima cha kiangazi. Mimi nataka nilete pendekezo la namna nyingine: vichekesho vya mfululizo, vile vya kuendelea wiki baada ya wiki, kuhusu duka la jamii moja pale Ukunda. Lakini kabla hamjainua mikono kupiga kura, acheni nieleze pendekezo kama hili hutungwa vipi, maana mzaha ndio kitu cha mwisho kuwaziwa.

Kitu cha kwanza ni sentensi moja. Ukishindwa kulisema wazo lako kwa sentensi moja, bado hujawa na wazo. Chukua Papa Shirandula, kipindi kilichoanza katika runinga ya Citizen mwaka wa 2007, marehemu Charles Bukeko akiwa ndiye Papa. Sentensi yake ni hii: mwanamume ni mlinzi wa mlangoni Nairobi, lakini amemwaminisha mkewe kwamba yeye ni mtu wa ofisini. Basi! Hapo hapo kila mtu anaona shida itakavyozaliwa. Mke akija mjini ni shida, jirani akipita langoni ni shida, hata sare ya kazi ikining'inia kwenye kamba ni shida. Hakuna mzaha hata mmoja katika sentensi ile, na vicheko vyote vimo ndani yake.

Kitu cha pili, na hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, ni kamba. Namaanisha sababu ya kuwafunga wahusika mahali pamoja. Watu wasiopatana huachana. Huyo anakwenda zake Mombasa, huyo anarudi kwao Lunga Lunga, na mchezo umekwisha. Kwa hivyo mtunzi lazima ajibu: kwa nini hawaondoki?

Waingereza walikuwa na kipindi cha duka kiitwacho Open All Hours, kilichotungwa na Roy Clarke na kuonyeshwa na BBC kuanzia 1976 hadi 1985, baada ya sehemu ya majaribio ya mwaka wa 1973. Mwenye duka, Arkwright, ni bahili wa kutupwa. Anayemfanyia kazi ni Granville, mwana wa dada yake, aliyechoka na duka lile hadi kooni. Mbona haondoki? Kwa sababu mjomba humwambia kwamba siku moja duka litakuwa lake. Kamba ni urithi. Na sikilizeni maajabu: BBC walipokirudisha kipindi mwaka wa 2013, Granville alikuwa ndiye mwenye duka, naye amekuwa bahili vile vile.

Mimi niliposikia habari ya mjomba, mpwa na urithi nikasema, wallahi, hii ni habari ya kwetu Kwale! Kwa mila ya zamani ya Wadigo, mali ya mtu ilirithiwa na wana wa dada yake, si wanawe wa kuzaa. Sheria ya Kiislamu nayo yasema mali ni ya watoto wake, na wa kike apate nusu ya fungu la kaka yake. Mambo haya mawili yamewagombanisha watu wa pwani hii ya kusini kwa miaka mingi, juu ya mashamba na juu ya minazi. Wazee wakikutana kwa urithi hakuna anayecheka. Ndiyo sababu nadhani panafaa kichekesho, kwa kuwa kitu ambacho watu hawawezi kukisema wazi ndicho kinachowafanya waseme mambo ya ajabu.

Basi sentensi yangu ni hii: mzee mwenye duka Ukunda ana mwana na ana mpwa, wote wawili wanafanya kazi dukani wakingoja kurithi, na mzee hasemi ni nani. Anayeondoka amejitoa. Kamba hiyo hapo.

Sasa wahusika. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kila mmoja apewe kitu kimoja anachokitaka na kitu kimoja asichokiweza. Sifa kama mpole, mkali au mcheshi hazisaidii, kwa kuwa hazimsukumi mtu afanye lolote.

Mjomba Bakari anataka amani nyumbani, na hawezi kusema ndiyo wala la. Neno lake ni "Tutaona." Salimu, mwanawe, amesomea uhasibu, anataka kila senti iandikwe, na hawezi kuzungumza na mteja bila kumtisha. Rama, mpwa, alikuwa akiuza vinyago ufukweni Diani, anajua salamu za Kijerumani na Kiitaliano. Anataka duka liwe la watalii, na hawezi kumaliza kazi aliyoianza. Bi Mwanamisi, dada wa Mjomba na mamake Rama, hukaanga viazi karai pale barazani. Anataka mwanawe arithi, na hawezi kumnyima mtu kitu. Wa mwisho ni Fatuma, dadake Salimu, wa kidato cha nne. Yeye ndiye ajuaye bei zote, ajuaye mkate unaisha saa ngapi. Kwa mila hapati, kwa sheria ya dini anapata nusu ya kaka yake, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa anataka nini. (Wasichana wenzangu mtanielewa.)

Mtaona sikumpa yeyote lafudhi ya kuchekesha. Michezo mingi ya runinga yetu imezoea kumleta mtu wa kabila fulani aseme maneno kombo, basi watu wanacheka. Lafudhi huchekesha mara ya kwanza. Ikifika sehemu ya nne haina utamu, na aliye na lafudhi ile darasani amekwisha umia.

Baada ya kuwapata wahusika, wajaribuni kwa jambo dogo kabisa. Mama mmoja anakuja kukopa unga wa sembe kilo mbili, atalipa Ijumaa.

"Chukua mwanangu, na ongeza viazi viwili vya watoto," asema Bi Mwanamisi.

"Ijumaa ya tarehe ngapi? Na nambari ya kitambulisho?" auliza Salimu.

"Mama, nunua tano, ya sita nakupa bure!" asema Rama.

"Tutaona," asema Mjomba.

"Ameshachukua, ameshaenda," asema Fatuma.

Ficha majina hayo kwa kidole, kisha usome maneno peke yake. Ukiweza kujua ni nani anasema, wahusika wako wametofautiana. Ukishindwa, una mtu mmoja mwenye majina matano, na afadhali uanze upya. Angalieni pia kwamba hatumcheki yule mama mwenye njaa. Tunawacheka wenye duka. Tukimgeuza mwenye deni kuwa kichekesho, wazazi nusu ya ukumbi hawatacheka, na hawatakuwa na makosa.

Pendekezo halikamiliki bila sehemu moja kusimuliwa toka mwanzo hadi mwisho. Yangu naiita "Mizani". Duka lina mizani ya zamani, ile ya sahani mbili na mawe. Gunia la sukari la kilo 50 likipimwa robo robo lafaa kutoa pakiti 200. Salimu anahesabu mauzo, anapata 192. Robo nane zimepotea, yaani kilo mbili nzima! Kuna mwizi, na mwizi hawezi kurithi duka. Hapo moto unawaka. Salimu anamshuku Rama. Rama anasema Salimu anaficha ili amsingizie. Bi Mwanamisi ameshaamua moyoni kwamba kaka yake ana mke wa siri kule Msambweni anayependa chai tamu. Kila mmoja anamvizia mwenzake usiku, wote wanajificha nyuma ya gunia lile lile, na taa inazimika.

Gunia la pili linafunguliwa: 192. La tatu: 192. Fatuma ndiye anayesema, "Mwizi gani huyu anayeiba sawa sawa kila mara?"

Asubuhi anaingia mkaguzi wa vipimo bila kutarajiwa, maana mizani ya biashara ni lazima ikaguliwe na ipigwe mhuri. Anaigeuza sahani ya mawe, na chini yake amebandikwa kipande cha risasi, ile ya mshipi wa kuvulia samaki, gramu 10. Kila robo iliyouzwa ilikuwa gramu 260. Aliyeibandika ni Mjomba mwenyewe. Anaogopa kumpunja mtu kuliko anavyoogopa hasara, na hakumwambia yeyote kwa sababu hamwambii mtu chochote. Wasiwasi wote ule umeletwa na kunyamaza kwake, na hilo ndilo jambo la kuangalia: tatizo limetoka katika tabia, halikuanguka kutoka mbinguni.

Mkaguzi hana huruma, risasi inatolewa. Wateja wanaanza kunung'unika kwamba sukari imepungua, duka limeharibika tangu vijana waingie. Bi Mwanamisi hawezi kuvumilia. Kila pakiti anaitia nyongeza kwa vidole. Mwisho wa wiki Salimu anahesabu: 192.

Vichekesho vya mfululizo hufanya hivyo. Hadithi ya kawaida humbadilisha mtu, lakini hapa kila sehemu lazima irudi ilipoanzia, ndipo wiki ijayo duka lifunguliwe tena. Kwa hiyo Mjomba asitaje mrithi. Siku atakayotaja, tumefunga duka.

Sasa mambo ya kazi. Nafasi ya nusu saa katika runinga huwa na mchezo wa dakika 22 hivi, zilizobaki ni za matangazo. Sisi jukwaani tufanye 15. Ukurasa mmoja wa mazungumzo ni kama dakika moja, basi andika kurasa 15, usiandike 30 kisha uwaambie waigizaji waseme mbio mbio. Mahali pawe pamoja tu: kaunta, rafu, baraza. Nyavu ya waya ya madukani tuiondoe, maana itawaficha nyuso. Na kaunta isimame mshazari, ili wateja wasiupe ukumbi migongo.

Sehemu nyingine nilizo nazo kwa sentensi moja moja: Rama aagiza katoni ishirini za dawa ya kujikinga jua, na watalii hawaji. Salimu abandika majina ya wadaiwa mlangoni, na la kwanza ni la imamu. Mteja atuma pesa za M-Pesa kwa nambari isiyo yake, na Mjomba aambiwa aamue. Fatuma apata nafasi ya chuo Nairobi, na kwa siku mbili duka halijui chumvi iko wapi.

Wahusika wanne nimeshawaona miongoni mwenu. Mjomba bado. Anatakiwa mtu anayeweza kukaa kimya dakika nzima huku ukumbi wote ukimtazama. Ajijuaye anione mapumziko ya saa nne.