Deni, mtaji au safari: kipi kitangulie?

Mwezi wa Julai ukianza, kaya nyingi za mpakani huwa na mipango mitatu na pesa za mpango mmoja. Tuchukue mfano wa mama muuza mitumba wa Busia, upande wa Kenya, anayebaki na Sh15,000 kila mwezi baada ya chakula, kodi, karo na rejesho la Sacco. Anadaiwa Sh20,000 za mkopo wa simu, anataka Sh45,000 aanze kuuza maharagwe kutoka Uganda, na amewaahidi watoto safari ya Mombasa Desemba.

Wengi huanza na mtaji, kwa hoja kwamba biashara ndiyo italipa deni. Hesabu inasema vingine. Tuseme mkopo wa simu unatozwa asilimia 8 kwa mwezi. Akilipa ada tu, Sh1,600, na kuweka Sh13,400 zinazobaki, mtaji utatimia mwezi wa nne. Kufikia hapo atakuwa amelipa ada ya Sh6,400, na deni la Sh20,000 liko palepale.

Akianza na deni, mwezi wa kwanza anapunguza Sh15,000 na kubakiza Sh6,600. Mwezi wa pili anamaliza kwa Sh7,128, na Sh7,872 zinaingia kwenye akiba. Ada yote ni Sh2,128. Mwezi wa tano, yaani Novemba, ana Sh52,872. Mtaji umechelewa mwezi mmoja tu, na maharagwe hayatabeba deni la mtu.

Si kila deni hukimbiliwa hivyo. Mkopo wa Sacco wa asilimia 1 kwa mwezi, unaohesabiwa kwenye salio linalopungua, hauna haraka. Ulipwe kwa ratiba yake, bila kuruka mwezi, kwa sababu ukikwama wadhamini ndio watakaokatwa akiba zao. Basi kinachopanga foleni ya madeni ni gharama yake kwa mwezi. Ukubwa wake usikutishe.

Safari nayo ina tarehe. Biashara inaweza kungoja Januari, lakini likizo ya Desemba ikipita imepita. Dawa ni kuipunguza badala ya kuifuta. Mtaji ukishatolewa, Sh7,872 zinabaki: hazifiki Mombasa kwa familia nzima, ila zinaweza kuwafikisha kwa bibi yao Kakamega na zawadi mkononi. Sh15,000 za Desemba ziwekwe kando, zisiguswe. Gunia likiloa au mtoto akiugua, bila akiba hiyo mama atarudi kwenye simu.

Dalili ya mpango kuharibika ni moja: umelipa mkopo tarehe 5, na kabla mwezi haujaisha umekopa tena. Hapo deni halijapungua, limebadilisha tarehe tu. Mtaji na safari visimame kwanza, na matumizi ya mwezi yahesabiwe upya, maana zile Sh15,000 za ziada pengine hazikuwapo tangu mwanzo.