Asilimia 10 ya Nini? Hesabu Inayounganisha Misongo ya Gridi

Transfoma kubwa ya kituo cha kupoza umeme huwa na kibao cha chuma ubavuni. Tuchukue kimoja kilichoandikwa 20 MVA, 132/33 kV, Z = 10%. Namba mbili za mwanzo hazisumbui: ya kwanza ni uwezo wa transfoma, ya pili ni misongo miwili inayoiunganisha. Hiyo asilimia 10 ndiyo yenye kazi. Inaeleza impidansi, yaani upinzani wote ambao mkondo wa umeme hukutana nao ukipita ndani ya koili za transfoma. Lakini kwa nini iandikwe kwa asilimia badala ya omu, wakati omu ndicho kipimo cha upinzani?

Asilimia hiyo hupatikana kiwandani kwa jaribio. Mafundi huunganisha pamoja nyaya za upande wa kilovoti 33, kama shoti ya makusudi, kisha hupandisha msongo wa upande wa pili polepole kutoka sifuri huku wakitazama ampea. Mkondo ukifika ule ambao transfoma imetengenezewa kuubeba, wanasimama na kusoma msongo. Kwa transfoma yetu watasoma kilovoti 13.2, na hiyo ni asilimia 10 ya 132. Wangelifanya jaribio kutoka upande wa pili, wangesimama kwenye kilovoti 3.3, ambayo ni asilimia 10 ya 33.

Sasa tuipime transfoma hiyohiyo kwa omu. Kwanza tunatafuta omu za msingi, yaani kipeo cha pili cha kilovoti kugawanywa kwa MVA. Upande wa 132 ni 132 × 132 ÷ 20, sawa na omu 871.2. Asilimia 10 yake ni omu 87.12. Upande wa 33 ni 33 × 33 ÷ 20, sawa na omu 54.45, na asilimia 10 yake ni omu 5.445. Chombo ni kimoja, lakini omu za upande mmoja ni mara 16 ya zile za upande wa pili, kwa sababu msongo ni mara 4 na 4 mara 4 ni 16. Asilimia haikubadilika. Hapo ndipo faida yote ilipo: ukiandika impidansi kama sehemu ya kipimo cha msingi, transfoma haikulazimishi tena kugeuza hesabu kila unapoivuka. Wahandisi huuita mfumo huu pa yuniti na kuuandika pu, na kwao asilimia 10 ni 0.10 pu.

Tatizo ni kwamba kila kibao kinazungumzia msingi wake chenyewe. Asilimia 10 ya transfoma ya 20 MVA na asilimia 10 ya transfoma ya 30 MVA si kitu kimoja, hivyo hazijumlishwi mpaka zihamishiwe kwenye msingi mmoja. Kanuni ya kuhamisha ni hii:

```
Zpu mpya = Zpu ya zamani × (MVA mpya / MVA ya zamani) × (kV ya zamani / kV mpya)²
```

Tuitumie kwenye mtandao mdogo wa mfano. Jenereta ya nguvu za maji ina 25 MVA, kilovoti 10.5 na impidansi ya asilimia 20. Inalisha transfoma ya 30 MVA, 11/132 kV, asilimia 10. Kutoka hapo inatoka laini ya kilovoti 132 yenye omu 40, na mwisho wa laini ipo ile transfoma yetu ya 20 MVA inayoshusha hadi kilovoti 33. Tunataka kujua mkondo utakaopita iwapo nyaya zote tatu zitapiga shoti upande wa kilovoti 33. Ukinzani wa kawaida wa waya ni mdogo hapa, kwa hiyo tunauacha na kujumlisha namba moja kwa moja.

Tunachagua msingi wa 100 MVA, uliozoeleka sana kwenye gridi, na huo hautabadilika mahali popote. Msongo wa msingi ndio unaobadilika, nao hufuata uwiano wa transfoma: tukianza na 132 kwenye laini, transfoma ya kwanza inatupa 11 upande wa jenereta, na ya pili inatupa 33.

Transfoma mbili ni rahisi, kwa kuwa misongo ya vibao vyake inalingana na msingi wetu. Ya 30 MVA inakuwa 0.10 × 100 ÷ 30, yaani 0.333. Ya 20 MVA inakuwa 0.10 × 100 ÷ 20, yaani 0.500. Laini haina kibao, ina omu, kwa hiyo tunagawanya 40 kwa omu za msingi za kilovoti 132, ambazo ni 174.24, tunapata 0.230.

Jenereta inataka uangalifu. Kibao chake kinasema 10.5, msingi wa upande huo ni 11. Hivyo 0.20 × 100 ÷ 25 inatoa 0.80, kisha tunazidisha kwa kipeo cha pili cha 10.5 ÷ 11, tunabaki na 0.729. Anayesahau hatua hiyo ya mwisho atapata mkondo mdogo kuliko halisi, kwa takriban asilimia 4 katika mtandao huu.

Jumla ni 1.792. Tukichukulia kwamba kabla ya shoti msongo ulikuwa 1 pu kamili, mkondo ni 1 ÷ 1.792, yaani 0.558 pu. Mkondo wa msingi kwenye kilovoti 33 ni 100,000 ÷ (1.732 × 33), karibu ampea 1,750. Shoti basi italeta ampea 976 hivi.

Sasa tazama kinachotokea mtu akijumlisha vibao jinsi vilivyo: 0.20, 0.10, 0.23 na 0.10. Anapata 0.63, na mkondo unaruka hadi karibu ampea 2,780. Akiamini namba hiyo akaiweka rilei ya ulinzi ifungue breka kuanzia ampea 1,200, shoti halisi ya ampea 976 haitaifikia kamwe. Rilei itakaa kimya huku nyaya zikiungua. Kosa hili halionekani kwenye karatasi, kwa sababu kila namba inafanana na namba nzuri ya pu.

Njia ya kulinasa ni kurudia hesabu kwa omu tupu, zote zikihamishiwa upande wa 33. Jenereta inatoa omu 7.94, transfoma ya kwanza 3.63, laini 2.50 na transfoma ya pili 5.445, jumla 19.51. Gawanya volti 19,053 za waya mmoja kwa jumla hiyo, utapata ampea zilezile 976. Zisipolingana, kuna msingi uliochanganywa mahali fulani.

Mfumo una mipaka yake. Transfoma nyingi za gridi zina kibadilisha-tapu kinachosogeza uwiano wa koili kidogo kidogo ili msongo usiyumbe. Tapu ikiondoka kwenye nafasi ya kawaida, uwiano halisi haulingani tena na uwiano wa misongo ya msingi, na tofauti hiyo lazima iingizwe kwenye hesabu kipekee. Vilevile transfoma ya nyota na delta husogeza awamu kwa nyuzi 30, jambo ambalo pu hailionyeshi.

Ukiletewa ripoti ya hesabu za shoti yenye namba za pu bila kutajwa MVA ya msingi na kilovoti za msingi za kila upande, irudishe kwa aliyeiandika kabla hujagusa rilei yoyote.