Katalogi imekamilika, mbona oda bado zinarudi?

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongee kuhusu malengo. Kuna malengo ya aina mbili ambayo timu nyingi ndogo huyachanganya, halafu zinashangaa kazi zote zimefanyika na mauzo yako palepale.

Nitumie mfano wa duka letu la nguo za watoto. Tuko watatu: mimi, binti anayejibu wateja na kijana wa stoo. Januari tulipata oda 80, na 20 kati ya hizo zilirudi na bodaboda. Tukakubaliana kutengeneza katalogi ya WhatsApp yenye bidhaa 60, kila moja na picha, bei na saizi, iwe tayari ifikapo tarehe 20 Februari, kwa gharama isiyozidi shilingi 150,000.

Hilo ni lengo la mradi. Linasema kitu gani kitengenezwe, lini kiishe na kwa pesa ngapi. Kulipima ni rahisi: katalogi ipo au haipo. Na sisi tulimaliza siku mbili kabla ya tarehe, pesa ikabaki.

Februari hiyohiyo oda zilikuwa 84, zikarudi 21. Ukipiga hesabu ni robo, kama Januari kabisa. Mradi haukufeli, maana kwenye karatasi hakuna mahali palipoandikwa kwamba oda zipungue kurudi.

Aina ya pili haiulizi umetengeneza nini, inauliza kimebadilika nini. Andy Grove aliutumia mfumo huu kwenye kampuni ya Intel, na John Doerr, aliyewahi kufanya kazi huko, akaupeleka Google mwaka 1999. Kwa kifupi wanauita OKR. Unaandika lengo moja kwa maneno ya kawaida, chini yake matokeo machache yenye namba. Sisi kwa miezi mitatu, Machi hadi Mei, tuliandika: "Nguo ikitoka dukani isirudi." Tokeo la kwanza: oda zinazorudi zishuke kutoka 25 hadi 10 kwa kila 100. La pili: oda za mwezi zisishuke chini ya 80.

Hilo la pili msilidharau. Ningeweza kupunguza oda zinazorudi kwa siku moja tu, kwa kumlazimisha kila mteja alipe kabla ya kutumiwa mzigo. Namba ingependeza, lakini wateja wangekimbia. Grove mwenyewe alisisitiza kipimo kimoja kiwe na mwenzake wa kukilinda.

Angalia pia kwamba hatukuandika "kuposti kila siku" wala "kuboresha katalogi". Hizo ni kazi. Ukitaka kujua kama umeandika kazi au tokeo, jiulize: naweza kulitimiza lote bila mteja hata mmoja kubadili anachofanya? Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni kazi.

Sasa namba ya kushusha tunayo, ila njia hatuijui. Ikabidi tuwapigie simu wale 21 wa Februari. Wengi walisema nguo haikumtosha mtoto, maana lebo ya "miaka 4" ya kiwanda kimoja si sawa na ya kingine. Waliobaki hawakuwepo nyumbani bodaboda alipofika. Binti akaanza kuuliza urefu wa mtoto kwa sentimita badala ya umri, na bodaboda akawa hatoki kabla hajampigia mteja. Kila Jumatatu tulihesabu oda zilizotoka na zilizorudi, dakika kumi tu. Wiki moja moja usiitegemee sana, kwa oda 20 mteja mmoja tu anahamisha asilimia 5. Tazama wiki nne kwa pamoja.

Mei oda zilikuwa 92, zikarudi 11, yaani kama 12 kwa kila 100. Kumi hatukuifikia. Kwenye mfumo huu namba huwekwa juu kidogo makusudi, ndiyo maana siwakati watu posho kwa kuikosa. Ukianza kukata, robo inayofuata watakuandikia namba ya kitoto.

Je, miradi tuiache? Hapana. Mzigo wa sikukuu ya Idi naupanga kama mradi mtupu, kwa sababu njia tunaijua na sikukuu haimsubiri mtu. Karatasi yake ina tarehe tatu: pesa kumfikia msambazaji, mzigo kuingia stoo, picha kupanda mtandaoni. Kila tarehe ina jina la mtu mmoja pembeni. Pale nikianza kuuliza "kimebadilika nini" wakati mzigo uko njiani, nitamchanganya tu kijana wa stoo.