Mizani Mbele ya Kamera

Video nyingi za bekari zinafanana: unga unarushwa hewani, muziki unapigwa, mkate unamegwa ukifuka mvuke. Zinatamanisha, lakini mnunuzi ana maswali mengine kichwani. Je, uzito ulioandikwa kwenye karatasi ndio uliomo? Mkate umeokwa lini? Skripti ya dakika moja na nusu inayompeleka nyuma ya kaunta ijibu hayo, na mimi ningeijenga juu ya uzito, kwa sababu mteja anaweza kuuhakiki mwenyewe nyumbani.

Tuchukue mkate wa gramu 400. Ndani ya oveni unga uliokandwa hupoteza maji, mara nyingi zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndiyo maana mwokaji hukata donge la gramu 460 hivi. Skripti ianzie hapo: donge linawekwa kwenye mizani, kamera inasubiri namba itulie, mwokaji anasema, "Hili ni gramu 460. Likishaiva na kupoa, tutalipima tena." Kopo lake litiwe alama ya chaki ili mtazamaji alifuate donge lilelile hadi mwisho.

Kisha kuumuka. Hapa wapigapicha wengi huharakisha, nami naona ndipo pa kutulia. Mwokaji anabonyeza donge kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi taratibu na kuacha alama ndogo, tayari kwa oveni. Lisiporudi kabisa, limepitiliza, na mkate huenda ukabonyea ukiokwa. Mwokaji aseme hayo huku kidole kikionekana karibu. Ustadi wake utaonekana bila yeye kujisifu. Kama siku hiyo upo mkate uliobonyea, uonyeshwe ukitengwa usiuzwe.

Oveni ipite haraka. Kinachofuata ni mkate kupoa kwenye waya, jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Ukifungwa ungali moto, mvuke hugeuka matone ndani ya mfuko na ukungu huota mapema. Mwokaji aseme tu, "Tunausubiri upoe ndipo tuufunge," halafu aoneshe tarehe ikigongwa kwenye mfuko.

Sasa mkate wenye alama unarudi mizanini: gramu 406. "Nunua, kapime. Ukikuta pungufu, turudishie."

Maneno hayo hayasemwi kabla ya kazi. Siku chache kabla ya kurekodi, mwokaji apime mikate kadhaa kutoka kila kona ya oveni, kwani upande wenye moto mkali hukausha zaidi. Akikuta mmoja una gramu 392, aongeze uzito wa donge au arekebishe moto, apime tena, ndipo kamera iwashwe. Na sentensi ya "hatutumii kemikali" ifutwe. Badala yake mifuko ya unga, hamira na chumvi ionekane lebo zikisomeka.