Nyumba Yote Si Nyumba Zote

Tuseme ujumbe umefika kutoka Mombasa: "Mjomba ameuza nyumba yote." Maana yake ni kwamba ilikuwepo nyumba moja, na hakubakiza hata chumba kimoja. Sasa badilisha herufi moja tu: "Mjomba ameuza nyumba zote." Hapo nyumba zilikuwa kadhaa, na haikubaki hata moja. Neno nyumba halikubadilika, na kitenzi ameuza kinamfuata mjomba, si nyumba. Tofauti yote imebebwa na y na z.

Kwa sisi tuliokulia Uingereza, jambo hili linateleza kwa urahisi. Kiingereza kina neno moja la kitu kizima na jingine la vitu vyote, na hakuna hata moja linalobadilika kufuata nomino. Kiswahili kina shina moja, -ote. Nomino ikiwa katika umoja, -ote humaanisha kitu kizima: mkate wote umeliwa. Ikiwa katika wingi, humaanisha kila kimoja bila kubakiza: mikate yote imeliwa.

Njia rahisi ya kuhakiki ni kuifanya nomino itende au itendwe, kisha kutazama kiambishi kinachoanza kitenzi. Kiambishi hicho ndicho kinachoungana na -ote. Vitabu vimeanguka, basi ni vitabu vyote. Gari limeharibika, basi ni gari lote. Nyumba imeuzwa: i na -ote huwa yote. Nyumba zimeuzwa: zi na -ote huwa zote.

Njia hii inaonyesha pia kwa nini umbo moja hutokea mahali pengi. Yote hutoka kwa i ya nyumba moja, kwa i ya miti mingi, na kwa ya ya maji au matunda. Wote nayo hutoka kwa wa ya watu, lakini pia kwa u ya mti mmoja au ukuta mmoja. Kwa hiyo "ukuta wote umebomoka" ni sahihi kabisa, ingawa ukuta si mtu. Anayesahihisha insha kwa kudhani kwamba wote ni ya watu peke yao atafuta neno lililokuwa sawa.

Shina -enyewe hufuata njia hiyo hiyo: kitabu chenyewe, gari lenyewe, nyumba zenyewe. Mlango umefunguka wenyewe, milango imefunguka yenyewe. Tofauti huja kwa mtu au mnyama mmoja. Hapo -enyewe huwa mwenyewe, lakini -ote haitumiki kwa maana ya kitu kizima. Ukila samaki mmoja ukamaliza, umekula samaki mzima. Ukisema samaki wote, umemaliza sahani ya wenzako.

Sasa tuhakiki sentensi tuliyoitunga makusudi:

"Ndugu zangu zote wamefika, chakula yote imeliwa, na mlango umejifunga yenyewe."

Tuanze na ndugu. Zangu inavuta sikio kuelekea zote, lakini kitenzi kinasema wamefika. Nomino kama ndugu, rafiki na shangazi hubaki na zangu katika umilikishi, huku -ote na kitenzi vikifuata watu. Basi ni ndugu zangu wote.

Kwenye chakula, kitenzi chenyewe kimekosewa, kwa hiyo hakiwezi kutusaidia. Huo ndio mpaka wa njia yetu. Ikitokea hivyo, tafuta wingi wa nomino: chakula, vyakula. Iko pamoja na kitabu na vitabu, basi ni chakula chote kimeliwa. Kwa mlango, kitenzi kiko sawa: umejifunga, u na -enyewe, basi ni wenyewe.

Wenzetu ambao wazazi wao wametoka Nairobi watasema kwamba huko "vitu zote" husikika kila siku na watu wanaelewana. Ni kweli, kwa sababu vitu lenyewe limeshaonyesha wingi. Katika mtihani utapoteza alama, lakini maana haijapotea. Hali ni tofauti kwa nyumba, kazi, barua, nguo na nyinginezo ambazo umoja na wingi wake ni sawa. Meneja akisema "maliza kazi yote leo", una kazi moja ya kufikisha mwisho. Akisema "maliza kazi zote", uliza orodha. Unapopitia insha kabla ya kuikabidhi, anza na nomino za namna hiyo, hasa zile zinazokuja baada ya kitenzi, kwa maana hapo hakuna neno jingine la kumwambia msomaji kama ni moja au nyingi.