Ubeti Mmoja wa Masika na Maneno ya Chini Yake

Siku hizi mshairi hahitaji diwani ili asomwe. Ubeti mmoja ukiwekwa mtandaoni asubuhi, jioni umeshafika mbali. Lakini ubeti mmoja hauna nafasi ya kueleza kila kitu, na hapo ndipo kapsheni, yale maneno machache ya chini yake, inapopata kazi. Tazama huu, niliotunga kwa ajili ya makala haya:

*Masika yameshafika, nayasikia simuni,*
*Bati letu laitika, mama yuko barazani,*
*Na ndoo zinafurika, watoto wako uani,*
*Nami huku nakauka, kwenye jua la Omani.*

Huu ni ubeti wa tarbia: mishororo 4, kila mmoja una mizani 16. Nusu ya kwanza, ukwapi, ina mizani 8 na kina cha *ka*. Nusu ya pili, utao, nayo ina 8 na kina cha *ni*. Hesabu kwa kutamka, si kwa macho: "mtoto" ni mizani 3, lakini "mbili" ni 2 tu. Wanaoanza hujikwaa hapo, na sikio la msomaji hugundua mara moja.

Ugumu mwingine unatokana na simu yenyewe. Kioo ni chembamba, hivyo mshororo mrefu hujikata popote na kina cha kati kikapotea. Dawa yake ni kuukata mwenyewe penye kina hicho, ukwapi juu, utao chini. Ubeti utaonekana una mistari 8 mifupi, ila mapigo yatabaki yaleyale.

Sasa maana. Hakuna neno "huzuni" wala "upweke" humu. Mishororo mitatu imejaa mvua, kisha wa nne unasema "nakauka". Mvua chache zinazonyesha Maskati nyingi huja miezi ya baridi, kwa hiyo Zanzibar inapoloa kwa masika, kuanzia Machi hadi Mei, huko joto ndilo linapanda. Ukame wa nchi na wa moyo vimebebwa na kitenzi kimoja.

Ukiandika chini yake, "Nimewakumbuka sana nyumbani, mvua hunitia simanzi," umemtafunia msomaji alichokuwa anakitafuna mwenyewe. Jaribu hivi: "Maskati, Aprili. Mama aliinua simu kuelekea batini, akanyamaza." Hapo msomaji anajua "simuni" imetoka wapi, na anapata tendo ambalo ubeti haukulitaja.

Kipimo chake ni chepesi. Funika kapsheni usome ubeti peke yake: usiposimama, rudi ukautunge upya, maana kapsheni haiwezi kuuokoa. Kisha isome kapsheni. Ikiwa inarudia tu yaliyokwisha kusemwa juu, ifute, uweke jina la mahali na mwezi. Mara nyingi hayo yanatosha.